Kofi la Pili Lina Ubaya Gani?

Juma lililopita mama mmoja wa Mji wa Kale aliniletea video ya mawaidha ya ndoa akaniuliza, "Mwanangu, mbona maalim asema na mdomo kaufunga?" Mpiga picha, ambaye si mimi, alikuwa amepiga kofi lake moja la mikono mbele ya kamera mwanzoni, akalinganisha picha ya kamera na sauti ya kinasa pembeni, akaridhika. Dakika ya kwanza ilikuwa safi kabisa, ila kufikia dakika ya 60 sauti ilikuwa nyuma ya midomo.

Kofi la mwanzo huonyesha mahali pa kuanzia tu, wala halisemi lolote kuhusu mwendo. Kamera na kinasa kila kimoja kina saa yake ya ndani, na saa hizo hazilingani kikamilifu. Kwa bahati maalim aliweka bilauri mezani mwishoni mwa saa ile, karibu na maikrofoni, nami nikaifanya kofi la pili: bilauri iligusa meza fremu tatu kabla ya mlio wake kusikika. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 0.12 ndani ya sekunde 3,600, maana yake kinasa kilichukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, takriban moja na nusu zaidi ya 48,000 zinazotakiwa kila sekunde, na faili ikawa ndefu kupita picha.

Hapo wengi hukimbilia kubadilisha kasi kwenye programu ya kuhariri, ambayo mara nyingi hukubali tarakimu mbili tu baada ya nukta. Asilimia 0.01 ya saa nzima ni sekunde 0.36, yaani dawa kubwa mara tatu kuliko ugonjwa! Mimi hugawanya 3,600.12 kwa 3,600 na kuirekebisha faili ya sauti kwa programu ya SoX kabla ya kuihariri:

```
sox sauti.wav tayari.wav speed 1.0000333
```

Asiyependa amri aikate sauti kila baada ya dakika 20, maalim anapovuta pumzi, na kuisogeza fremu moja kushoto ili isikike mapema.

Lakini kabla ya kunyoosha chochote, tazama katikati. Kwenye dakika ya 30 nilitarajia fremu moja na nusu, na ndivyo ilivyokuwa. Kama sauti ingekuwa sawa hadi dakika ya 40 kisha ikaruka ghafla, kuna kipande kilichopotea, na tiba yake ni kukata mahali pale pale. Simu nazo hubadilisha idadi ya fremu zinavyotaka, kwa hiyo video ya simu igeuzwe kwanza iwe ya fremu zisizobadilika.

Nakubali, shingo upande, kwamba kwa kipande cha dakika tano kofi moja latosha. Ila mawaidha ya saa nzima, jamani, mtu akose kupiga kofi la pili mwishoni, na mikono miwili anayo?