Kibao kipya, maandishi yale yale?

"Kama agano jipya limeandikwa moyoni, Agano la Kale tunalisoma la nini?"

Swali hili liliulizwa kwenye kikundi chetu cha kusoma Biblia, na waliojibu waligawanyika papo hapo. Wa kwanza walikimbilia Waebrania 8:13, kwamba agano la kwanza limechakaa na li karibu kutoweka. Wengine wakasema neno "jipya" katika Yeremia 31, ambako Mungu anaahidi agano hilo, maana yake ni "lililofanywa upya", kwa hiyo hakuna kilichofutwa. Kila upande una hoja yenye uzito, na kila upande unaruka mstari mmoja usioupenda.

Tuanze na hilo neno. Kwa Kiebrania ni berith hadasha. Wanaotetea "kufanywa upya" hukumbusha kwamba katika mzizi huohuo limo neno hodesh, yaani mwezi mwandamo, na kila mtu anajua kwamba mwezi unaoandama ni uleule uliofifia. Hoja ni nzuri, ila haimalizi kesi. Kutoka 1:8 inatumia neno lilo hilo kwa mfalme mpya aliyeinuka Misri, asiyemjua Yusufu, na huyo hakuwa mfalme wa zamani aliyepakwa rangi. Kamusi peke yake haiamui.

Kinachoamua ni kuuliza ni nini hasa kinachobadilika katika mstari wa 33. Mungu hasemi ataandika sheria nyingine. Anasema "sheria yangu", kwa Kiebrania torati, ileile ambayo Yuda walikuwa nayo na wakaivunja. Kinachobadilika ni mahali pa kuiandikia. Uzito wa jambo hili unaonekana ukirudi nyuma hadi 17:1, ambako nabii huyohuyo anasema dhambi ya Yuda imeandikwa kwa kalamu ya chuma, imechorwa kwenye kibao cha mioyo yao. Kwa hiyo moyo katika kitabu hiki si karatasi nyeupe inayongoja mwandishi. Umeshaandikwa, tena kwa kuchimbwa kama jiwe. Ahadi ya sura ya 31 ni kwamba pale palipochimbwa dhambi ndipo itakapoandikwa torati, na hakuna mwenye kalamu ya kufanya kazi hiyo isipokuwa yeye anayeahidi.

Yeremia alikuwa na sababu za kutoyaamini maandishi ya nje. Mnamo 622 KK kitabu cha torati kilionekana hekaluni, Mfalme Yosia akakisoma mbele ya watu wote, na watu wakaliunga mkono agano. Yosia aliuawa Megido mwaka 609 KK, na haukupita muda mambo yakarudi kulekule. Halafu ikaja ile siku ya baridi katika sura ya 36. Mwanawe Yosia, Yehoyakimu, ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, moto unawaka mbele yake. Mjumbe wake aitwaye Yehudi anamsomea gombo la Yeremia. Kila safu tatu au nne zikisomwa, mfalme anazikata kwa kisu kidogo cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Baba alirarua mavazi yake aliposikia kitabu. Mwana alikirarua kitabu chenyewe. Mtu aliyepatwa na hayo akisema kuhusu sheria isiyoweza kuchomwa moto, anajua anachosema.

Hapa wa upande wa "kufanywa upya" hufurahi, na wana shahidi mwingine wa zamani. Hati ya Dameski, andiko la kale la Kiyahudi ambalo nakala zake zilipatikana Kairo na baadaye vipande vyake huko Kumrani karibu na Bahari ya Chumvi, inawataja watu walioingia "agano jipya katika nchi ya Dameski". Hao walikuwa Wayahudi, na kwao agano jipya lilimaanisha kuishika torati ya Musa kwa ukali zaidi, si kuiacha.

Lakini upande huo hupenda kuupita mstari wa 32 haraka. Yeremia anasema waziwazi kwamba agano hili si kama lile alilofanya na baba zao alipowashika mkono kuwatoa Misri. Huwezi kusema "si kama lile" ukimaanisha "ni lilelile". Na mwisho wa mstari wa 34 kuna msingi ambao Sinai haikuwekewa: "maana nitausamehe uovu wao." Kule mlimani watu waliahidi kwanza, "tutayatenda", ndipo damu ikanyunyizwa. Huku hawaahidi chochote. Msamaha unatajwa kama sababu ya yote yaliyotangulia.

Wa upande wa Waebrania 8:13 nao wana la kujibu. Waraka kwa Waebrania unanukuu kifungu chote, na hakuna nukuu ndefu zaidi ya Agano la Kale katika Agano Jipya lote. Unakitumia kuonyesha kwamba makuhani na dhabihu vimefika mwisho wake. Hiyo ni hoja halali ya mwandishi huyo kuhusu ibada. Ila ukisoma 8:8 utaona lawama zinawaendea watu, "akiwalaumu". Na wanaotoka hapo na kusema Israeli wenyewe wamefutwa hawajageuza ukurasa. Ahadi imetolewa kwa "nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda", na mistari ya 35 hadi 37 inafuata mara moja: jua, mwezi na nyota zikiacha kawaida zake, ndipo uzao wa Israeli utakapoacha kuwa taifa. Mimi sioni namna ya kuuchukua mstari wa 31 na kuuacha wa 36.

Kuna mstari unaozitesa pande zote mbili, nao ni ule unaosema kwamba mtu hatamfundisha tena jirani yake, akisema, "Mjue Bwana." Wakristo husema agano hili lilifunguliwa kwa kikombe cha meza ya mwisho (Luka 22:20), lakini makatekista bado wana kazi, na sisi wenyewe tulikuwa tumekaa tukifundishana. Kiswahili chetu kinaweza kutupotosha hapa. Tukisema mtoto amejifunza sura "kwa moyo", tunamaanisha amekariri. Yeremia hasemi kukariri. Moyo kwa Kiebrania ni mahali pa kufikiri na kuamua, na "kumjua Bwana" kwake ni kutenda: katika 22:16 anamsifu Yosia kwa kuwahukumia haki maskini na wahitaji, kisha anauliza, je, huko si kunijua mimi? Kwa kipimo hicho, ahadi hii imeanza lakini haijakamilika, na anayesema imekwisha timia yote aeleze kwa nini maskini bado hawapati haki mikononi mwa watu wenye Biblia kwapani.

Kuhusu kusoma kilichoandikwa, jibu liko sura moja mbele, ndani ya sura zilezile za Yeremia ziitwazo kitabu cha faraja. Wababeli wameuzingira Yerusalemu, nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi, na binamu yake Hanameli anamletea shamba la Anathothi alinunue. Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaitia muhuri mbele ya mashahidi. Kisha anamwagiza mwandishi wake Baruku azichukue hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, azitie katika chombo cha udongo, zidumu siku nyingi.