Kasha la kumbukumbu, siyo la mganga

Kwa kuwa shoga yangu ameshawasimulia kwenye stetasi kwamba mama mkwe amenifuma na kasha la mganga kabatini, tena kwa chumvi ya kukomba kopo zima, naomba na mimi nijitetee. Sifugi majini. Lile lilikuwa kasha la kumbukumbu za mwaka wa kwanza wa mwanangu, nimkabidhi akitimiza miaka 18.

Tatizo lilianzia kwenye picha ya ultrasaundi. Nikaipeleka steshenari wailamineti isichakae. Ikaingia mashineni na mtoto wangu akionekana mpaka pua, ikatoka nyeusi tii kama sufuria ya shughuli. Kijana wa mashine akajikuna kichwa: "Dada, hii ni karatasi ya risiti. Ikipata moto inaungua." Kumbe picha zile haziandikwi kwa wino, ni joto tu linalotia weusi. Zinataka kupigwa picha kwanza, halafu zikae gizani, mbali na joto. Sasa ndiyo ananiambia!

Kuitupa nilishindwa. Nikaandika nyuma jina la mtoto kwa makapeni nyekundu, nikaitia kashani na vingine.

Jumamosi mama mkwe akafungua kabati akitafuta khanga. Mimi nipo mlangoni na chai. Akalitoa kasha. Akalitikisa. Kikagongagonga kitu. Akafungua uzi, ambao ni mwekundu kwa sababu utepe wa pinki uliisha dukani (najua, msinianze). Akatoa kitambaa cheupe chenye fundo. Akalifungua fundo polepole: nywele za arobaini. Akaweka chini. Akatoa kichupa: kucha. Akanitazama. Akafunua kijikaratasi, na humo, kikavu, kimejikunja kama kipande cha tangawizi, kitovu cha mjukuu wake. Nilikianika siku nne ndipo nikakihifadhi, maana kikifungiwa kibichi kinaota ukungu. Maelezo hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Mdomoni hayakufika.

Mwisho akainua lile karatasi jeusi linalong'aa. Akaligeuza. Akasoma jina la mtoto, kwa wino mwekundu, herufi moja moja.

"Mwanangu," akasema kwa upole ulionikausha mate, "nani amekupeleka?"

Chai ikanimwagikia mguuni. Nikasema, "Steshenari, Mama."

Jamani! Steshenari!

Basi, mume akaitwa, wifi akapiga simu kutoka Tanga, shehe nusura aitwe. Yakaisha. Mama ameondoka na kitovu ndani ya leso akakizike chini ya mnazi nyumbani kwao, na kasha sasa lina utepe wa bluu na orodha ya vilivyomo, kwa maandishi makubwa.

Kilichobaki ni ile picha. Nakala yake nzima ipo sehemu moja tu duniani: kwenye simu ya shoga yangu huyohuyo, niliyemtumia siku ile natoka kliniki. Nimemwomba tangu juzi. Amenijibu kwa vikatuni vya kucheka, kisha akaandika: "Pilau ya kuku. Na kachumbari."

Mchele nimeshaloweka.