Mani maketi ya benki si akaunti ya benki

“Nina shilingi 300,000 kwenye akaunti ya akiba. Karani amenishauri nizihamishie mani maketi yao. Benki ni ile ile, kwa hiyo usalama ni ule ule, sivyo?”

Usalama si ule ule, ingawa nembo kwenye fomu ni moja. Mani maketi ni mfuko unaokusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha kwa muda mfupi ili zipate riba. Hapa Kenya, amana yako iliyoko benki ina kinga ya shirika la bima ya amana, KDIC, hadi shilingi 500,000 benki ikifilisika. Ukishasaini fomu ya mfuko, huweki amana tena, umenunua vipande vya mfuko huo. Kinga hiyo haivifuati.

Hata hivyo karani hajakushauri vibaya. Tuseme akaunti yako inalipa asilimia 4 kwa mwaka: ni 12,000, na baada ya ushuru wa asilimia 15 unabaki na 10,200. Mfuko ukilipa asilimia 11 baada ya ada ya meneja anayeuendesha, ni 33,000, na ushuru ule ule ukikatwa zinabaki 28,050. Hiyo tofauti ya 17,850 si ya kudharau. Ila uliza kama kiwango kinachotangazwa kimeshatolewa ada na ushuru, maana mara nyingi ushuru bado haujakatwa.

Halafu kuna ulinzi wa aina nyingine. Mali ya mfuko haiko mikononi mwa meneja, inashikwa na mtunzaji aliye tofauti naye, chini ya jicho la mdhamini anayelinda maslahi ya wawekezaji. Kampuni ya meneja ikianguka, wadai wake hawaigusi mali hiyo.

Hatari halisi imo ndani ya mfuko wenyewe, katika wale waliokopeshwa pesa zako. Kwa kawaida ni serikali kwa muda mfupi, na benki kwa amana za muda maalumu. Lakini meneja anayetaka kiwango kipendeze huweza kukopesha kampuni bila rehani. Duka kuu la Nakumatt lilikopa kwa njia hiyo, na lilipoanguka, mwaka 2018 kuna waliowekeza katika mifuko wakajikuta hawawezi kutoa pesa zao. Walidhani wamo katika mani maketi salama, kumbe walikuwa wamelikopesha duka.

Kwa hiyo omba ile karatasi ya mfuko inayotolewa kila mwezi au robo mwaka, utazame mgawanyo wa uwekezaji. Mfuko ukilipa juu sana kuliko dhamana za serikali za siku 91, lazima karatasi ionyeshe ziada inatoka wapi. Tazama pia ni kiasi gani kimewekwa katika benki ile ile inayokuuzia. Kikiwa kikubwa, benki ikiyumba mfuko nao utayumba, na wewe huna KDIC.

Karani akikuonyesha mfuko wa hisa au mseto kwa sababu “unalipa zaidi”, usiingize karo ya Januari. Bei ya vipande vyake huweza kushuka.

Mimi ningeacha 60,000 kwenye akaunti, kwa kuwa mfuko huchukua siku mbili hadi nne za kazi kukulipa na hospitali haingoji, kisha 240,000 ningezihamisha baada ya kuisoma karatasi hiyo.