Dai moja, tarakimu nne: muhtasari wa afisa madai ubebe nini?

"Dada, nimepewa mafaili ya madai ya moto. Nitoe maelezo ya hasara, kiasi kinachodaiwa na alichokiona asesa, kisha niviweke kwenye jedwali moja la afisa madai. Bosi anataka mstari mmoja kwa kila dai na tarakimu moja. Lakini faili moja lina tarakimu nne. Niandike ipi?"

Mdogo wangu, bosi wako ana hoja nzito, naanza na yake. Afisa madai mwenye mafaili sitini mezani hasomi sitini kila Jumatatu. Anataka aone kwa jicho moja lipi limekwama, lipi linasubiri ripoti na lipi liko tayari kulipwa. Safu ya tarakimu lazima ijumlishike, na ukiandika ndani yake "milioni 29 au 33, angalia barua", jedwali halijumlishi tena. Nimeona mihtasari iliyojaa maelezo hadi ikawa faili la pili juu ya faili la kwanza, na afisa akaacha kuifungua. Muhtasari wa namna hiyo haumsaidii hata mwenye dai, maana dai lake linabaki limelala.

Hoja ya upande wa pili inaonekana vizuri zaidi tukifungua faili lenyewe. Chukua mfano wa duka la vitenge lililoungua usiku. Bima ni ya bidhaa tu, kiasi cha bima ni shilingi 60,000,000. Asubuhi yake mama mwenye duka anampigia wakala simu na kusema hasara ni "kama milioni ishirini". Wiki moja baadaye fomu ya madai inaletwa ikiwa na 29,500,000, na nyuma yake ankara za manunuzi. Mwezi ukipita inaingia barua yake iliyosainiwa, inadai 33,700,000, kwa kuwa ameongeza mashelfu na kaunta za 4,200,000. Mwishoni kabisa ipo ripoti ya asesa, yaani mkadiria hasara, nayo inashauri alipwe 16,000,000.

Asiyejua anaona mama anabadilisha maneno, au asesa ameukata mzigo nusu kwa roho mbaya. Hakuna kati ya hayo. Simu ya asubuhi ilikuwa makisio ya mtu anayetazama majivu. Fomu ilijumlisha ankara zenye VAT ya asilimia 18, na mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT kwa kawaida huirudisha kodi hiyo kupitia ritani zake, kwa hiyo asesa ameitoa na kubakiza 25,000,000. Yapo majora yaliyoshika moshi bila kuungua, mama amebaki nayo, yamethaminiwa 1,000,000. Hasara ya bidhaa inakuwa 24,000,000. Kisha asesa amepekua vitabu vya stoo akakuta siku ya moto duka lilikuwa na mali ya 80,000,000, ilhali bima ilikatwa kwa 60,000,000. Hiyo ni bima pungufu. Mwenye bima amebeba robo ya hatari mwenyewe, hivyo anafidiwa robo tatu ya hasara, yaani 18,000,000. Toa eksesi, ile sehemu ya kila hasara ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe, hapa 2,000,000, unapata 16,000,000.

Sasa tuseme jedwali lina safu moja tu inayoitwa "Kiasi". Karani mmoja ataandika 29,500,000 kwa kuwa fomu ndiyo ya kwanza kwenye faili. Mwingine ataandika 33,700,000, wa tatu 16,000,000. Wote wamenakili kwa uaminifu, na jumla ya safu hiyo haina maana yoyote, kwa sababu inachanganya kilio cha mwenye mali na ushauri wa mtaalamu. Meneja anayetenga fedha za madai kwa kutazama jumla ile atatenga pungufu kwenye faili moja na kupita kiasi kwenye jingine, bila kujua ni lipi.

Ndiyo maana naona bosi wako yuko sahihi kuhusu mstari mmoja, na hayuko sahihi kuhusu tarakimu moja. Mstari mmoja unaweza kubeba safu tatu za fedha, kila moja na maana isiyobadilika kutoka faili hadi faili: kinachodaiwa, hasara aliyoikuta asesa kabla ya kupunguza chochote kwa masharti ya bima, na malipo anayoshauri. Kwa duka letu ni 33,700,000, kisha 24,000,000, kisha 16,000,000. Tarakimu ya simu haina safu, ni taarifa ya tukio. Kwenye kinachodaiwa tunaweka dai la mwisho lililoandikwa na kusainiwa na mwenye bima, pamoja na tarehe yake.

Hapo bosi anaweza kuuliza, na ni swali la haki: mashelfu hayamo kwenye bima, kwa nini tubebe 4,200,000 ambazo tunajua hazitalipwa? Kwa sababu safu ile inaitwa kinachodaiwa, na mama anadai mashelfu. Kuamua kwamba hayamo ni kazi ya afisa madai akiwa na hati ya bima mkononi, tena anatakiwa amwandikie mama sababu. Karani akiyafuta kimyakimya, barua ya malipo itatoka bila kuyataja, na mama atakuja kaunta kuuliza mashelfu yake yamepotelea wapi. Afisa hatakuwa na jibu, maana kwenye jedwali lake hayakuwahi kuwepo.

Kuna kishawishi kingine ambacho kinawanasa wanaojua hesabu: kukokotoa wenyewe. Bima pungufu ina fomula nyepesi, na ukiwa na hasara kwenye B2, kiasi cha bima kwenye C2 na thamani halisi kwenye D2, unaandika:

```
=B2*MIN(1,C2/D2)
```

Itakupa 18,000,000, safi. Lakini eksesi unaitoa kabla au baada? Ukiitoa baada, kama alivyofanya asesa, unapata 16,000,000. Ukiitoa kwanza, 24,000,000 inakuwa 22,000,000, robo tatu yake ni 16,500,000. Nusu milioni nzima imezaliwa na mpangilio wa hatua mbili, na mpangilio huo unaamuliwa na maneno ya hati ya bima yenyewe. Basi nakili tarakimu ya asesa kama ilivyo na uandike ukurasa. Fomula itumie pembeni kama kipimo: ikitofautiana na ripoti, weka alama ili afisa aangalie, usirekebishe.

Na pale ripoti haijafika, kisanduku kiache wazi. Sifuri inasema asesa amekwenda, ameona, na ameshauri mtu asilipwe kitu. Wazi inasema bado tunasubiri. Mambo hayo mawili yakichanganywa, kuna mtu ataandikiwa barua ya kukataliwa kabla asesa hajafika dukani kwake. Vivyo hivyo ripoti ya awali na ripoti ya mwisho zisikae kwenye safu moja bila kutajwa ni ipi, kwa sababu ya awali mara nyingi imeandikwa kabla vitabu vya stoo havijapekuliwa.

Tukija kwenye maelezo ya hasara, hapo mzani unanielemea zaidi upande wa ufupi, ila ufupi una mitego. Fomu ya mama inasema: "Moto ulitokea usiku, mali yote ikaungua." Asesa anaandika kwamba moto ulianzia upande wa nyuma karibu na soketi ya friji, majora ya shelfu za mbele yameshika moshi tu, na chanzo hakijathibitika hadi ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ipatikane. Karani mwenye haraka ataandika "chanzo hakijulikani". Mwingine ataandika "chanzo kina utata". Tazama neno lilivyosafiri: asesa alisema anasubiri karatasi, jedwali linasema kuna jambo. Muhtasari hausomwi na afisa peke yake. Unakwenda kwa meneja, pengine hadi kwa kampuni ya bima mtawanyo, ile inayoikatia bima kampuni ya bima yenyewe, na huko hakuna anayefungua faili. Neno "utata" likishaingia pale, kulitoa ni kazi ya wiki nyingi, na mama amefunga duka.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe, wa lugha. Mlinzi ameandika kwa Kiswahili kwamba aliona moshi saa nane usiku. Mfumo unataka saa ya kompyuta, karani anagonga 08:00 PM. Saa mbili usiku hiyo, wakati mama ameandika kwamba alifunga duka saa tatu na kuacha kila kitu salama. Ghafla mlinzi na mwenye duka wanapingana, na faili linapelekwa kwa wapelelezi. Saa nane usiku ni 02:00, na tarehe imeshageuka. Kwa hiyo muda na tarehe vinakiliwe kwa maneno ya msemaji kwanza, "saa nane usiku wa kuamkia Jumapili", halafu 02:00 kando yake.

Kwa hiyo sisemi unakili kurasa nzima. Sentensi mbili zinatosha: moja inasema mwenye bima anaeleza nini, nyingine inasema asesa amekuta nini, na jina la msemaji linatangulia kila moja. Pale wanapokubaliana, fupisha utakavyo. Pale wanapotofautiana, chukua maneno yenyewe. "Mali yote" na "shelfu za mbele zimeshika moshi tu" vikae bega kwa bega, afisa avione.

Pingamizi moja silimalizi. Muhtasari mzuri unamfanya afisa aache kusoma faili. Akiona 16,000,000 imekaa vizuri kwenye safu ya mwisho, anaandaa hati ya malipo, na hajiulizi kama ile thamani ya 80,000,000 ilihesabiwa kwa bei ya kununulia au ya kuuzia. Hilo ndilo swali ambalo lingeweza kumrudishia mama mamilioni, kwa sababu thamani ya stoo ikipandishwa na faida ndani yake, fungu la bima pungufu linakua bila haki. Afisa mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa anaficha safu ya ushauri mpaka awe amefungua ripoti yenyewe. Ilimchelewesha, na malalamiko ya foleni yalikuwa ya kweli. Mimi nisingeificha, ningeweka namba ya ukurasa wenye hesabu ya stoo ndani ya kisanduku hichohicho, ili kuifikia kusimchukue dakika nzima.

Mstari wa duka letu ungesomeka hivi: Mwenye bima: moto usiku, "mali yote ikaungua". Asesa: moto ulianzia nyuma karibu na soketi, shelfu za mbele moshi tu, chanzo kinasubiri ripoti ya zimamoto. Kinachodaiwa 33,700,000, barua na tarehe yake, ndani yake mashelfu na kaunta 4,200,000. Hasara aliyoikuta asesa 24,000,000. Anashauri 16,000,000, ripoti ya mwisho, hesabu ya stoo ukurasa wa 7.