Jirani, Ukitaka Kuvuta Kamba Unipe Taarifa

Umeme wamekata saa mbili usiku, muda ambao wao wanaupenda. Feni ikazunguka mizunguko ya kuaga, ikasimama. Kabla sijapapasa kiberiti nikasikia nje ya dirisha: krrr-ka! Kimya. Krrr-ka-ka! Kimya. Jenereta ya Baba Shamsa hiyo, inabembelezwa kuwaka.

Ndani, binti yangu wa miezi miwili akatupa mikono yote miwili juu, vidole vikakunjuka, akajikusanya tena kifuani, halafu akatoa ile sauti. Mnaijua. Kamba ikavutwa mara ya tatu, mikono juu tena. Ya nne. Jenereta ikakubali kuwaka wakati mtoto naye ameshawaka.

Mimi ni mtu wa heshima. Nikavaa shati, nikafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, nikatoka na msuli wangu kwenda kufanya diplomasia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Baba Nasra. Karibu, umeleta simu tuchaji?"

Nikamweleza kwa lugha ya wazee kwamba chombo chake kinamsumbua mjukuu wake. Akasikiliza kwa makini, akazima taa ya simu ili tuongee vizuri, kisha akaniuliza swali moja: "Hivi sasa jenereta inanguruma. Mtoto analia?"

Nikategea sikio. Halii. Mama yake keshamnyonyesha, kalala fofofo, na lile dude linanguruma hatua kadhaa kutoka kitandani kwake.

"Basi tatizo si jenereta," akasema Baba Shamsa. "Tatizo ni kamba."

Nilichukia sana, kwa sababu muuguzi wa kliniki aliniambia jambo hilohilo. Kichanga hashtuki sana kwa sababu sauti ni kubwa, hushtuka kwa sababu imekuja ghafla. Kule kutupa mikono ni mshtuko wa Moro, uliopewa jina la daktari wa watoto Ernst Moro aliyeueleza mwaka 1918. Mtoto huzaliwa nao, na kwa kawaida hupotea kati ya miezi 4 na 6. Kelele ikiendelea vilevile bila kubadilika, ubongo wake huizoea na kuipuuza, hata akiwa usingizini. Mmarekani mmoja, T. Berry Brazelton, alitengeneza kipimo mwaka 1973 ambacho mpimaji humtikisia kichanga aliyelala kayamba, na baadaye kengele, hadi mara kumi kila kimoja. Mara ya kwanza anaruka, ya pili anatikisika, baadaye anapepesa kope tu, mwisho hana habari na wewe. Nimemwambia mke wangu nijaribu na kopo la mchele. Majibu yake siwezi kuyaandika hapa.

Tukarudi kwenye kamba. Nikapendekeza anitaarifu kabla ya kuvuta, nikimbie nimwekee mtoto mkono kifuani na kuishika ile mikono kwa upole, maana mikono ikitulia mara nyingi mshtuko unapita na usingizi unaendelea. Akakubali. Tukapeana mikono.

Umeme uliporudi na kukatika tena, Baba Shamsa akatimiza ahadi. Alimtuma Shamsa. Shamsa ana miaka saba na koo la mnadi samaki. Alisimama chini ya dirisha akapiga ukelele: "BABA NASRAAA! BABA ANASEMA ANAVUTAAA!"

Mikono juu.

Nikatoka tena, safari hii kifungo cha shingoni sikukifunga. "Mzee, ujumbe umefika hadi Kongo!" Akasema mtoto ni mtoto. Nikasema nami wangu ni mtoto. Akasema basi atakuwa anapiga simu. Nikasema simu nayo inalia! Wapangaji wakaanza kutoka kusikiliza bure. Mama wa chumba cha mwisho akashauri niweke simu kwenye mtetemo, mwingine akashauri tuhame.

Ndipo nikaona jenereta imewekwa wapi: koridoni, mdomo wa bomba la moshi umeelekea madirisha yetu. Hapo diplomasia ikaniisha kabisa. Kelele mtoto atazoea, lakini ule moshi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hiyo hakuna anayeizoea. Watu hulala wasiamke. Nikamwambia Baba Shamsa hivyo, kwa sauti yangu halisi. Hakunibishia. Tuliibeba wawili, tukaipeleka uwanjani nyuma, mbali na milango na madirisha, bomba likatazama shambani. Ikiwashwa huko, kamba inasikika kwa mbali, krr, na binti anatikisa mguu tu.

Tatizo la kinyume likabaki: inapozimwa. Kimya cha ghafla nacho kinamwamsha, na umeme ukikatika feni inanyamaza. Hapo ndipo nikaitoa redio ya betri. Naiweka kwenye masafa yasiyo na kituo, ile shhh ya mvua, mita mbili kutoka kwa mtoto, sauti ya chini kiasi kwamba tunaongea bila kupaza. Wengine huibana kitandani sikioni mwa mtoto na kuipandisha hadi mwisho, halafu wanasema wanamsaidia alale. Masikio yake wanayasaidia nini? Inawashwa kabla hajalala na haizimwi katikati. Dakika 20 hivi za mwanzo usingizi wa kichanga ni mwepesi, macho yanacheza chini ya kope, ukigusa kitufe tu umekwisha.

Mchana analala sebuleni, sufuria zinagongana, watu wanaongea. Hayo ni maagizo ya mama mkwe, aliyeshuka kutoka Tanga, akatukuta tunanong'ona na kutembea kwa vidole, akauliza nani kafa.

Radi inahitaji hesabu. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ukifika tisa, radi iko kilomita tatu, na una muda wa kutosha kuweka mkono kifuani. Mwanga na mlio vikija pamoja, shtukeni wote. Fataki za Mwaka Mpya sina dawa yake. Zinalia mara moja kwa mwaka, mtoto atazizoea lini? Funga dirisha, mbebe, vumilia. Mwenye bodaboda aliyetoboa ekzosi namwachia Mungu.

Muuguzi alinionya mambo mawili, na hapa sitanii. Mtoto asiyeshtuka kabisa hata mlango ukibamizwa, apimwe masikio. Na anayejikunja au kurusha mikono mfululizo, tena na tena, bila kelele yoyote, hasa anapoamka, apelekwe hospitali haraka, huo si mshtuko wa kawaida. Mrekodi kwa simu, daktari aone.

Sasa hivi binti amelala. Mama mkwe naye amelala, anakoroma kwa mwendo uleule bila kupanda wala kushuka, na redio tumeizima kuokoa betri. Anayekesha ni mimi, tena sakafuni, kwa sababu kitanda amepewa mgeni, na sofa iko kwa fundi. Huyo fundi alichukua nusu ya hela tangu kabla ya mfungo, kila nikimpigia anasema anasubiri sponji. Sponji gani hiyo inayosafiri kwa miguu? Leo nimempigia kwa namba ya Baba Shamsa, akapokea kwa furaha, aliposikia ni mimi akasema, "Haloo, haloo, huku kuna kelele, sikusikii."