Ruhusa ya Siku Tatu

Ukitaka ruhusa ofisini kwetu, fiwa. Ukifiwa, bosi mwenyewe anatoa gari, anaongeza mafuta na sukari ya matanga, na hakuna mtu anayekuuliza utarudi lini. Harusi nayo inapita, kwa shingo upande. Lakini ukisema unaomba ruhusa ya masomo, na umri huu, na kitambi hiki, watu wanacheka kwanza halafu wanakuuliza kama uko serious au umekunywa.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya malori hapa Kampala. Malori yanapakia Mombasa, yanaingia kwa Malaba, madereva wanakuja ofisini kwangu kulia posho kwa Kiswahili cha Pwani, na jioni mimi nakimbilia darasani kusoma masta. Nimesoma hivyo miaka. Tasnifu imeandikwa, imekabidhiwa, watahini wameisoma na kuandika ripoti zao. Barua ikaja: nifike mbele ya jopo kuitetea tarehe 14, saa tatu asubuhi.

Tarehe 14, jamani! Mhasibu yeyote wa Uganda akisikia hivyo tumbo linamkata, kwa sababu kufikia tarehe 15 ya kila mwezi lazima niwe nimewasilisha kodi ya ongezeko la thamani ya mwezi uliopita, na kodi ya mishahara, na michango ya NSSF juu yake. Vyote siku moja. Na ofisi yetu ina imani thabiti kwamba kazi ya tarehe 15 hufanywa tarehe 15, tena usiku.

Nikaenda kwa bosi. Akasoma barua, akairudisha.

"Waambie wasogeze. Tarehe 20 uko huru."

Ningewaambiaje? Mzee anadhani ni fundi gereji amepanga naye siku ya kubadilisha brekipadi. Jopo lina mwenyekiti, mtahini wa ndani, msimamizi wangu, na mtahini wa nje, ambaye anatoka chuo kingine na ana madarasa yake na wanafunzi wake wanaomlilia. Kuwapata hao wote wawe na asubuhi moja iliyo wazi ndiyo kazi iliyochukua muda kuliko kusoma tasnifu yenyewe. Nikikosa, hawakutani wiki ijayo. Yanaanza upya, wakati mahafali hayanisubiri. Baada ya kutetea huwa kuna marekebisho. Hata ukifaulu vizuri, hukosi kuambiwa sura ya nne ina majedwali yasiyo na maelezo. Mimi nitapewa mwezi mmoja kuyafanya yale madogo, mtahini wa ndani ayakague, asaini kwamba nimetii, ndipo jina liingie kwenye orodha ya wahitimu. Orodha ikifungwa nikiwa nje, ni mwaka mwingine, na ada ya kuendelea kusajiliwa ninailipa mimi, si bosi.

Nikachukua fomu ya likizo. Ina visanduku: likizo ya mwaka, ugonjwa, uzazi, msiba. Masomo hayamo. Nikaenda kwenye sheria, nikitumaini serikali imenikumbuka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa baba siku 4 za kazi mkewe akijifungua. Mimi nimeibeba hii tasnifu muda mrefu kuliko mimba ya tembo, lakini kwa mwajiri binafsi sheria hiyo haina siku hata moja ya kwenda kutetea tasnifu. Kilichopo ni likizo ya mwaka yenye malipo, siku 7 kwa kila miezi minne uliyofanya kazi. Na hapo kuna mtego wake: siku ni haki yako, ila wakati wa kuzichukua ni wa kukubaliana na mwajiri. Kwa hiyo anayekwenda kwa bosi akipiga meza kudai haki ya masomo atarudi na meza yake. Omba likizo ya mwaka, kwa maandishi, na barua ya chuo uiambatishe ili tarehe ijitetee yenyewe.

Nikaandika siku tatu, tarehe 13 hadi 15. Mwenzangu wa stoo akasema mimi ni mlafi, kikao kinachukua saa mbili tu, nichukue asubuhi tu nirudi mchana. Huyo hajawahi kusimama mbele ya maprofesa. Siku ya kwanza ni ya kufanya mazoezi ya maelezo yangu ya dakika ishirini, maana ukizidisha mwenyekiti anakukatiza ukiwa hujafika kwenye matokeo. Siku ya pili ni yenyewe. Ya tatu ni ya kuandika kila walichosema kikiwa bado kichwani, kwa sababu ripoti rasmi ya jopo inakuja kwa mwendo wake, na ndani ya ule mwezi mmoja siku zinahesabika.

Kuhusu kodi nikaahidi kwenye barua hiyohiyo kwamba zote zitawasilishwa tarehe 12, mradi ankara za matairi na gereji zinifikie kufikia tarehe 10. Hapo ndipo sura ya bosi ilipolegea kidogo. Hakuwa na shida na elimu yangu, alikuwa anaogopa faini. Nilidhani tumemaliza.

Akavua miwani.

"Hiyo tasnifu, si ndiyo ile uliyonihoji mambo ya dizeli?"

Ndiyo hiyo. Nimechunguza jinsi kampuni za malori zinavyodhibiti mafuta: tangi linajazwa lita ngapi, lori linatakiwa kula ngapi kwa safari, na zinazobaki zinayeyukia wapi. Nilihoji wenye kampuni kadhaa, yeye akiwemo, na siku hiyo alifunguka sana. Alieleza wajomba zake wawili walivyokuwa wakinyonya mafuta kwa mpira karibu na Tororo, na jinsi alivyoshindwa kuwafukuza kwa sababu ya mama yake.

"Umeniandika?"

"Bosi, hakuna jina. Ulisaini fomu ya ridhaa. Wewe ni Mhojiwa namba 7."

"Na wajomba?"

"Ndugu wa karibu wa Mhojiwa namba 7."

Akanyamaza, akachezea kalamu. Nikaona likizo yangu inaondoka na upepo wa feni. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama huyo mtahini wa nje ana jamaa yeyote katika biashara ya malori. Nikasema sijui. Akauliza kama ataruhusiwa kuja kukaa nyuma asikilize. Nikamwambia aandikie chuo, asubiri jibu, nami nikaomba kimoyomoyo lichelewe.

Amesaini. Siku zote tatu, ila pembeni ameongeza kwa mkono wake: "Awe anapatikana kwa simu." Simu mbele ya jopo! Nimemwachia mke wangu hiyo kazi. Nimemwelekeza kwamba dereva akipiga kuhusu posho, amwambie asubiri. Fundi wa matairi, alete ankara. Na bosi akipiga saa nne asubuhi kuuliza kama wamefika ukurasa wa Mhojiwa namba 7, amwambie mtandao unakatika, kisha akate.