Pointi saba, tumeondoka na samaki tu

Juzi kanisani mhubiri mgeni kafungua Luka 5, nikasema leo tumefika, ziwa na nyavu ndo mambo yetu. Akatangaza pointi saba. Ya kwanza mazingira ya ziwa la Genesareti, akaanza kuwaelezea wavuvi wa Igombe maana ya kukesha majini ukarudi mtupu. Asante kwa taarifa baba mchungaji! Baada ya ibada namuuliza jirani mahubiri yalihusu nini, ananiambia "samaki".

Mhubiri alijiandaa, hilo nampa. Ila muhtasari wake ni wa macho. Uchovu, utii, utele, unyenyekevu, utume... kwenye karatasi zimepangana vizuri, masikioni zinakuwa uji, maana msikilizaji hawezi kurudi juu ya ukurasa aone tuko wapi. Na ukisema "utii" peke yake hujasema kitu, nani katii, katii nini, ikawaje?

Mimi ningeanza na sentensi moja, ile ambayo mama anayeuza dagaa Mwaloni ataweza kumwambia mwenzake kesho yake: lishike neno la Yesu, samaki wawepo wasiwepo. Halafu kila pointi naipima kwa hiyo, na kila pointi iwe sentensi yenye mtu na kitendo, ifuate mistari ilivyo. Petro alikosa (mstari wa 5, usiku kucha hamna kitu). Petro alitii (wa 5 huohuo, "kwa neno lako nitazishusha nyavu"). Petro aliacha (wa 11). Hiyo ya tatu ndo utamu wenyewe, maana samaki sasa wamejaa vyombo viwili na bado anawaacha, kumbe hakuwa anafuata samaki. Kwenye zile saba hili lilipita kama upepo, lilikuwa namba saba na watu wanaangalia saa.

Nyavu kuanza kukatika na wenzao wa chombo cha pili? Viingie ndani ya "alitii" kama simulizi, si pointi. Genesareti sentensi moja tu inatosha. Petro kuanguka magotini, mstari wa 8, roho inauma kuukata, ila uwe daraja la kwenda kwenye "aliacha" au ungoje Jumapili nyingine.

Na kabla ya kuvuka rudia ulikotoka: "Petro alikosa, tumeona, je alipoambiwa ashushe tena alifanyaje?" Wasomi wataona unajirudia, sawa, ila aliyetoka kumbembeleza mtoto nje ndo anarudi hapo.

Semina yenye madaftari, haya, leta saba zako.

Kujua kama imekaa, msomee mtu wa nyumbani kwa sauti bila kumpa karatasi, umwache apike, baadaye muulize. Akikutajia mfano wako wa kuchekesha badala ya sentensi kuu, mfano ndo unakatwa. Na kama unatafsiriwa Kisukuma, muda wako umebaki nusu, kwa hiyo kata mifano kabla hujapanda, maana ukingoja ukatie palepale utaikata "aliacha".